Doti moja ya khanga, blauzi na sketi: pindo na jina viangukie wapi?

#1 Mwali_wa_Nkuhungu
Habarini wana jukwaa. Nina doti ya khanga ya zambarau na nyeupe, katikati ya mji kuna ua moja kubwa la duara, pembeni maua madogo madogo. Jina lake ni MAMA NI NGUZO YA NYUMBA. Mdogo wangu ana sendofu hapa Dodoma na nataka blauzi na sketi kutoka doti hii hii, sitaki kuchanganya na kitambaa cha rangi moja.

Fundi wa kwanza kaangalia dakika moja tu akasema haitoshi, ninunue doti ya pili. Vipimo vyangu: kifua 38, kiuno 32, hipsi 42. Sketi nataka inchi 37 na nusu, blauzi 24, mikono mifupi. Kweli haitoshi?

La pili. Jirani yangu alishonewa sketi ya khanga ikatoka nzuri kabisa, baada ya kufua pindo la chini limepanda upande wa kushoto kama amekanyaga ngazi. Nini kinasababisha? Nisije nikatembea hivyo mbele ya wakwe wa mdogo wangu.

#2 Zabibu_Tamu
Inatosha na chenji inabaki. Huyo fundi anataka doti ya pili ashonee mke wake 😂

#3 Mtoto_wa_Kongwa
Dada, mimi mke wangu alinunua yadi sita akapata gauni, kilemba na shati langu. Kwa hiyo ukikosa kabisa ongeza yadi mbili.

#4 Zabibu_Tamu
Mtoto wa Kongwa, hicho ni kitenge. Khanga haiuzwi kwa yadi. Soma swali mkuu.

#5 Mama_Tuli
Mwali, mimi nilishonewa kama unavyotaka na nilijuta kwa jambo moja tu, jina. Khanga yangu iliandikwa SINA UGOMVI NA JIRANI. Fundi akakata sketi pande mbili, mshono wa kushoto ukala neno la kwanza. Nimeingia ukumbini mbele imeandikwa UGOMVI NA JIRANI, na jirani mwenyewe kakaa meza ya mbele. Salamu yake siku hiyo ilikuwa fupi sana.

#6 Zabibu_Tamu
Mama Tuli nimemwaga chai 😂😂😂

#7 Fundi_Mkasi_Majengo
Salaam. Nashona Majengo hapa hapa. Mwali, inatosha, ila inatosha kwa mshono mmoja tu: sketi iliyonyooka chini. Ukitaka solo, au sketi yoyote inayopanuka kuelekea chini, aliyekwambia haitoshi yuko sahihi.

Pindo la khanga ni mstari ulionyooka. Sketi inayopanuka, chini yake lazima ikatwe kwa kupinda kama bakuli, la sivyo pembeni inaning'inia. Ukikata kwa kupinda kwenye kitambaa chenye pindo, mkasi unapita katikati ya pindo, katikati linabaki zima na pembeni limeliwa, na jina linakatwa juu kwa juu. Kwa hiyo ukingo wa chini hauguswi. Umbo lote tunalitafuta kuanzia hipsi kwenda juu, kwa vikunjo vya kiunoni na kwa kuingiza mshono ndani.

Kabla sijakupa hesabu, loweka kwanza hiyo khanga, zote mbili, usiku mzima, suuza, anika kivulini, piga pasi. Halafu pima upya. Usinipe vipimo vya dukani.

#8 Mtoto_wa_Kongwa
Hapo nakubaliana na fundi. Khanga ikifuliwa inapanda juu, kwa hiyo Mwali acha inchi tatu za akiba kwenye urefu wa sketi.

#9 Fundi_Mkasi_Majengo
@Mtoto_wa_Kongwa kupungua inapungua, lakini si upande huo. Angalia khanga kabla hujaikata doti: kingo zake ndefu, ile ya juu na ile ya chini yenye jina, zimefumwa hazichanui nyuzi. Zinazochanuka ni zile za ubavuni, ndizo tunazopinda. Maana yake nyuzi zilizotandwa kiwandani zinakwenda na urefu wa khanga, kutoka ubavu hadi ubavu. Hizo ndizo zilizovutwa kwenye mashine, na ndizo zinazorudi zikikutana na maji.

Sasa ukivaa pindo likiwa chini, urefu wa khanga ndio unaokuzunguka mwili. Khanga inayoingia kwangu na inchi 60 kwa 42 mara nyingi inatoka majini na kama 58 kwa 41 na nusu. Urefu wa sketi umepungua nusu inchi tu, kilichopungua hasa ni hipsi. Ndiyo maana watu wanasema "nimenenepa" wakati ni sketi iliyorudi.

#10 Mama_Tuli
Kumbe! Na mimi nikaacha wali usiku.

#11 Mwl_Mstaafu_Mpwapwa
Vijana hamjambo. Fundi amesema kweli kuhusu kurudi, lakini kuloweka usiku mzima kunatoa ule wanga na khanga inalegea, inakuwa kama kitambaa cha kulelea mtoto. Sisi tulikuwa tunashona kwanza, tunafua baadaye, na tulipendeza.

#12 Fundi_Mkasi_Majengo
Shikamoo mwalimu. Kulegea inalegea, sikatai. Unga wa muhogo kidogo kwenye maji ya mwisho, pasi ikiwa na unyevu, inasimama tena. Lakini kushona kwanza kwa sketi ya kubana siwezi kumshauri mtu, inchi mbili ni nyingi kwenye hipsi.

#13 Mwl_Mstaafu_Mpwapwa
Marahaba. Sisi hatukuwa tunabana hivyo.

#14 Dada_wa_Chuo
Kuhusu pindo kupanda upande mmoja: mimi najua sababu. Ni bitana. Fundi anaweka bitana ya kuteleza ambayo haipungui, khanga juu yake inapungua, basi inavutana, upande wenye zipu unabaki chini na mwingine unapanda. Yangu ilifanya hivyo, nilipofumua bitana ikakaa sawa.

#15 Kinyozi_Area_D
Mimi si wa mambo ya sketi ila mke wangu anasema sababu ni fundi kukunja kitambaa mara mbili na kukata bila kulinganisha pindo la chini na la juu yake. Kipande cha ndani kinateleza kidogo, mtu haoni.

#16 Zabibu_Tamu
Na upepo wa Dodoma je? Kuanzia Juni upepo huu unapandisha pindo lolote, hata la suruali.

#17 Mwali_wa_Nkuhungu
Asanteni, nimecheka mno. Nimeloweka, maji ya kwanza yametoka zambarau kabisa, ya pili nusu, ya nne ndiyo yakawa meupe. Nimeweka chumvi. Nimepima baada ya pasi: 58 kwa 41 na nusu, kama fundi alivyosema, zote mbili sawa. Pindo la juu inchi 5, la chini 5, ya ubavuni 6 kila upande. Mstari wa jina unachukua inchi 2 juu ya pindo la chini. Maandishi yenyewe kutoka M ya kwanza hadi A ya mwisho ni inchi 24.

#18 Dada_wa_Chuo
Chumvi haishiki rangi iliyokwisha kuchapwa, imesuuzika tu kwa sababu ulibadilisha maji.

#19 Mama_Tuli
Mimi chumvi inanisaidia miaka yote, niache na chumvi yangu.

#20 Fundi_Mkasi_Majengo
Mwali, umepima vizuri. Sasa fuata taratibu, kalamu mkononi.

Khanga ya kwanza ni ya sketi. Toa pindo za ubavuni, 6 na 6, kutoka 58 unabaki na 46. Hipsi zako 42, nafasi ya kukaa na kutembea 2, mshono mmoja tu wa nyuma unakula 1 kila upande. Jumla 46. Imeisha hapo hapo. Huna mshono wa pembeni hata mmoja, kwa hiyo pindo linazunguka bila kukatika na jina lako linakaa mbele zima: inchi 24 kwenye sketi yenye mzunguko wa 44, herufi mbili tatu za mwanzo na za mwisho zitageukia pajani lakini hakuna neno litakaloliwa. Weka alama ya chaki katikati ya jina na uifanye ndiyo katikati ya mbele. Usikunje khanga katikati ukadhani jina nalo liko katikati, wachapaji wengine wanaliweka kidogo pembeni.

Urefu: toa pindo la juu la inchi 5, unabaki na 36 na nusu. Nusu inaingia kwenye mshono wa kiunoni, nusu unakunja chini, na usikunje zaidi, ukikunja inchi mbili kama kitambaa cha kawaida umezika pindo lako. Unabaki na 35 na nusu. Mkanda wa kiuno unatoka kwenye lile pindo la juu ulilolitoa: lina 5, mishono inakula 1, ukilikunja linakupa mkanda wa 2. Jumla 37 na nusu uliyoitaka.

Kiuno chako 32 na kitambaa kina 44, kwa hiyo 12 ziondoke: vikunjo viwili mbele, viwili nyuma, vingine viwili juu ya mifupa ya hipsi pale ambapo mshono wa pembeni ungekuwa, na kilichobaki kiingie kwenye mshono wa nyuma pamoja na zipu. Mpasuo nao uwe nyuma, la sivyo kwa mzunguko wa 44 hutapanda hata bajaji.

#21 Mwali_wa_Nkuhungu
Fundi ubarikiwe. Na blauzi? Lile ua kubwa ndilo linalonitia hofu. Sitaki likae tumboni.

#22 Kinyozi_Area_D
Hilo la ua kubwa nimewahi kuliona likiwa nyuma, mahali pa kukalia. Ukumbi mzima ulikuwa unaangalia huko.

#23 Chausiku_Ipagala
Blauzi ni rahisi, unakata mbele na nyuma bega kwa bega kwenye mji. 22 na 22 ni 44, una 46. Mbona inatosha.

#24 Fundi_Mkasi_Majengo
@Chausiku_Ipagala inatosha kwa inchi, haitoshi kwa macho. Ua liko katikati ya khanga. Ukipanga mbele kushoto na nyuma kulia, katikati ya khanga inaangukia kwenye mshono wa ubavu, nusu ya ua kwapani mbele, nusu kwapani nyuma.

Panga hivi. Mbele iwe katikati ya mji, upana 22. Kila upande zinabaki 12. Nyuma ya blauzi ikatwe vipande viwili vya 12, kimoja kushoto kimoja kulia, vikutane kwenye zipu mgongoni. 12 na 22 na 12 ni 46. Kifua chako 38, nimekupa 3 za kupumua, 5 zilizobaki ni za mishono na zipu.

Juu na chini ndipo watu wengi wanapokosea. Wanaanza bega mara tu chini ya pindo la juu, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea kuanza juu. Hesabu: katikati ya ua iko kama inchi 20 na robo tatu kutoka ukingo wa juu. Ukianza bega kwenye 5, ua liko inchi 15 na robo tatu chini ya bega. Hapo ni kitovuni. Badala yake anzia chini: upindo wa blauzi uguse juu ya mstari wa jina. Blauzi ya 24 inahitaji 25 na nusu pamoja na mishono. Bega linaangukia kwenye 9 kutoka juu, na ua linakuwa chini ya bega kwa inchi 12 kasoro robo. Kwa mtu wa kifua 38 hapo ni chini kidogo ya matiti, katikati. Linakaa vizuri na halikamati jicho pabaya.

Faida ya pili: juu umebakiwa na ukanda wa inchi 9 usio na maandishi, pindo 5 na mji 4. Mikono miwili inatoka hapo, kila mmoja upana 16, pindo likizunguka mkono. Geuza ukanda ili ukingo wa juu wa khanga uwe ndio mwisho wa mkono. Maua yako madogo yakiwa hayana kichwa na miguu haitaonekana. Yangekuwa ndege au mananasi, yangesimama kichwa chini mkononi.

#25 Chausiku_Ipagala
Nimenyamaza fundi 🙌

#26 Mama_Tuli
Na kile cha chini, pindo na jina la khanga ya pili, inchi 7 kwa 46? Usitupe. Unganisha chini ya blauzi iwe kama frili.

#27 Dada_wa_Chuo
Mama Tuli hapana, jina mara mbili mwilini? MAMA NI NGUZO kiunoni na MAMA NI NGUZO miguuni. Kwanza mimi ningelizika jina hata kwenye sketi, nguo iliyoshonwa haihitaji maandishi. Khanga ya kujifunga ndiyo inasema, nguo ya fundi inapendeza tu.

#28 Mwl_Mstaafu_Mpwapwa
Khanga isiyo na jina ni shuka tu binti. Unachagua khanga dukani kwa kusoma, halafu ulichosoma ukifiche?

#29 Dada_wa_Chuo
Mwalimu shikamoo. Mimi nachagua kwa rangi.

#30 Kibibi_cha_Kondoa
Jina liende nyuma. Ukipita ndipo watu wanasoma. Mbele unaongea mwenyewe.

#31 Zabibu_Tamu
Kibibi cha Kondoa ana watu anaowalenga 😂 Mimi hiyo inchi 7 ningefanya kilemba, na pindo za ubavuni nne zimebaki pia, mfuko na vitambaa vya mezani vinatoka.

#32 Mwali_wa_Nkuhungu
Kilemba nimekipenda. Sasa bado la pindo kupanda. Nani yuko sahihi, Dada wa Chuo au mke wa Kinyozi?

#33 Fundi_Mkasi_Majengo
Wote wanaweza kuwa sahihi na mimi ninayo ya tatu. Khanga nyingine zimechapwa kitambaa kikiwa kimevutwa upande, pindo halifuati uzi. Ukiipata mpya yenye wanga inaonekana imenyooka. Maji yakiingia nyuzi zinarudi mahali pake na pindo linakwenda nazo. Jaribu: chomoa uzi mmoja ubavuni kutoka juu hadi chini, uone unapita sambamba na pindo la ubavuni au unalikata. Ukilikata kwa nusu inchi nashona kwa kufuata pindo, maana macho ya watu yanafuata pindo, hayafuati uzi. Ukilikata kwa inchi moja na zaidi, rudisha dukani kabla hujaloweka.

#34 Kinyozi_Area_D
Mke wangu anasema hiyo ya kuchapwa upande ni kisingizio cha mafundi.

#35 Dada_wa_Chuo
Na mimi nasema ni bitana. Sketi ya jirani wa Mwali ina bitana? Aulizwe kwanza.

#36 Mwali_wa_Nkuhungu
Nimemuuliza, ina bitana. Ila pia kasema fundi aliikunja kitambaa wakati wa kukata, na hakuloweka. Kwa hiyo kila mtu achukue ushindi wake.

#37 Shangazi_Chamwino
Samahani naingia katikati. Mimi hipsi 48. Hiyo hesabu ya 46 inanitupa nje. Nifanyeje?

#38 Fundi_Mkasi_Majengo
Shangazi, shikamoo. Wewe usitoe pindo za ubavuni. Una 58 nzima: hipsi 48, nafasi 4, mishono 2, unabakiwa na 4 za kuchezea. Pindo mbili za ubavuni zinakutana nyuma zinakuwa mstari mmoja mpana wa kusimama, na mpasuo unakaa katikati yake. Ni mshono mzuri, wengine wenye hipsi 38 wanauomba kwa makusudi. Angalizo moja: pembe za pindo chini zilingane kabla ya kushona, zishikize kwa sindano kuanzia chini kwenda juu. Ukianzia kiunoni, kosa lote linashukia pembeni kwenye kona, na kona ndiyo inayoonekana ukigeuka.

Kwenye blauzi wewe mji wa 46 hautoshi mbele na nyuma bila mishono ya ziada. Nitumie kipimo cha kifua.

#39 Shangazi_Chamwino
Marahaba mwanangu. Kifua 44. Na mimi nina doti ya mananasi.

#40 Zabibu_Tamu
Mananasi kichwa chini mikononi yanakuja 😂

#41 Fundi_Mkasi_Majengo
44 na nanasi, hapo mikono lazima itoke chini kwenye pindo lenye jina ili yasimame, au uvae blauzi isiyo na mikono. Nyuma nitaongeza vipande vya pindo za ubavuni za khanga ya pili chini ya kwapa, zisimame wima. Lete doti ikiwa imelowekwa, tuipime pamoja.